Rangi ya nywele inachuja kwenye muosho wa kwanza: tafuta chanzo, hasa kama unatumia maji ya Arusha

Mwongozo huu ni wa rangi ya kudumu, ile ya tyubu inayochanganywa na developa, yaani peroksaidi. Hina na rangi za muda zisizotumia developa zina tabia nyingine. Ukizitendea kama hii ya kudumu utakosea.

Dalili zinafanana sana kwa macho lakini sababu zake ni tofauti, na ndiyo maana ushauri wa "subiri siku tatu" kabla ya kuosha huwasaidia wengine na kuwaacha wengine palepale. Kabla ya kufika kwenye dalili, elewa kwanza kinachotokea ndani ya unywele.

Nje ya kila unywele kuna magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, ncha zake zikielekea chini. Rangi ya kudumu inapoingia huwa bado si rangi. Ni chembe ndogo sana zisizo na rangi ya maana. Alkali iliyomo kwenye tyubu, kwa kawaida amonia, huuvimbisha unywele na kuyanyanyua magamba ili chembe hizo zipenye. Zikishafika ndani, peroksaidi huziunganisha kuwa chembe kubwa zenye rangi, ambazo haziwezi tena kutoka kwa urahisi kwenye njia ziliyoingilia. Kazi hiyo huchukua dakika 30 hadi 45, kutegemea maelekezo ya boksi.

Ukishasuuza, rangi kwa sehemu kubwa imekwisha kujijenga. Kinachobaki ni alkali. Mchanganyiko wa rangi huwa na pH ya kama 9 hadi 10.5, wakati unywele wenyewe hutulia kwenye uchachu mdogo, pH ya kama 4 hadi 5. Unywele uliotoka kupakwa rangi bado umevimba, magamba yake hayajalala, na maji yakiingia yanauvimbisha zaidi na kubeba chembe zilizo karibu na nje. Watu huilaumu sabuni peke yake, lakini hata maji matupu hutoa rangi.

Kusubiri kunasaidia kwa njia mbili. Amonia huyeyuka hewani kidogo kidogo, na unywele ukikaa mkavu hupungua uvimbe na magamba hulala. Saa 48 ni kiwango cha chini na saa 72 ni bora. Kama una sendoff Jumamosi na utahitaji kuosha nywele asubuhi yake, paka rangi Jumanne au Jumatano asubuhi. Ukipaka Alhamisi usiku, Jumamosi utakuwa unaosha nywele ambazo bado ziko wazi.

Dalili ya 1: Rangi inabaki kwenye mto na kola hata kabla ya muosho wa kwanza

Tunaanza na hii kwa sababu kusubiri hakuiponyi kabisa. Chukua tishu nyeupe, ibane kwenye nywele kavu kwa nguvu kidogo, kisha iangalie. Ikitoka na doa, kuna rangi iliyokaa juu ya unywele ambayo haikusuuzwa. Haijaingia ndani na haitaingia hata ukiiacha wiki nzima, maana peroksaidi ilishamaliza kazi yake.

Hapa usisubiri siku tatu. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mdogo, bila shampuu, mpaka maji yawe meupe, kisha malizia na maji ya siki yanayoelezwa hapa chini. Halafu anza kuhesabu saa zako upya. Tatizo hili hutokea sana saluni ikiwa na foleni au maji yanapobebwa kwa ndoo. Nywele nyingi na nzito hazisuuziki kwa kata tatu za maji. Kichwa chenye nywele za mabegani kitahitaji ndoo moja ya lita 20 au zaidi.

Dalili ya 2: Ulisubiri siku tatu kamili, lakini maji ya muosho wa kwanza yalitoka mekundu au meusi tii

Rangi kidogo kwenye muosho wa kwanza ni kawaida, hasa nyekundu, maruni na zambarau. Maji yakiwa na kivuli cha rangi kama juisi iliyozimuliwa, halafu yakawa meupe ndani ya dakika mbili, hakuna hitilafu. Ila yakiendelea kutoka na rangi ileile nzito mpaka mwisho, na nywele zikikauka unaziona zimepoa rangi, basi alkali haikuondoka. Sababu ziko mbili, na kwa watu wa Arusha mara nyingi zote huwepo pamoja.

Ya kwanza imo kwenye boksi. Rangi zinazouzwa kuwa hazina amonia hutumia alkali nyingine badala yake, na mara nyingi ni ethanolamini. Haina harufu kali, na watu huipenda kwa hilo. Lakini haina harufu kwa sababu haiyeyuki hewani kama amonia. Ukisubiri siku tatu, nayo inasubiri pamoja nawe, imo kwenye unywele. Soma orodha ya viambato. Ukiliona jina hilo, jua kwamba kusubiri peke yake hakutoshi: inabidi alkali hiyo isawazishwe kwa asidi siku ileile ya kupaka rangi.

Ya pili ni maji. Chemchemi na visima vingi vya upande wa Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba bikaboneti ya sodiamu, jamii moja na magadi. Ndiyo maji yanayojulikana kwa floraidi inayobadilisha meno, na wengi huilaumu floraidi hiyo hata kwa nywele. Kwa rangi ya nywele mhusika ni bikaboneti. Maji haya hutoa povu vizuri na huacha utelezi mkononi, kwa hiyo mtu hadhani kama yana tatizo. Kichujio cha mkaa wa mifupa kinachotumika kupunguza floraidi hakiondoi bikaboneti hii, hivyo kuchuja hivyo hakukusaidii hapa. Maji ya bomba ya Moshi, yanayotokana na chemchemi za Kilimanjaro, kwa kawaida ni mepesi zaidi, ingawa visima vya tambarare ya chini vinaweza kuwa na chumvi zake.

Na kuna jambo moja linalosahaulika: kuchemsha. Maji yenye bikaboneti ya sodiamu yakichemka hupoteza hewa ya kaboni na kuwa na alkali kali zaidi kuliko yalivyotoka bombani. Birika linalokaa jikoni tangu asubuhi, likiongezwa na kuchemka tena, hutoa maji mabaya kwa nywele za rangi kuliko bomba lenyewe. Pasha maji mpaka yawe vuguvugu tu, usiyachemshe.

*Maji ya siki: kipimo*

Siki nyeupe ya kawaida ina asidi asetiki ya asilimia 4 hadi 5. Hakikisha kiwango hicho kimeandikwa kwenye chupa. Siki iliyojazwa upya kwenye chupa isiyo na lebo usiitumie kichwani, kwani asidi kali isiyozimuliwa huunguza ngozi. Siki ya tufaha inafanya kazi ileile. Hailipi gharama yake ya ziada kwa kazi hii.

Kwa maji mepesi kama ya Moshi au ya mvua, weka kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, kwenye lita moja ya maji. Hapo pH hushuka hadi kama 3.5, na hiyo inatosha kabisa. Kwa maji ya Arusha yenye bikaboneti, kijiko hichohicho kinaweza kuliwa nusu na bikaboneti kabla hakijafika kwenye nywele. Anza na kijiko kimoja na nusu, na usizidishe viwili kwa lita. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu ni kipimo kizuri: vijiko viwili na kidogo vinatosha, funga kifuniko, tikisa, na una dozi ya kichwa kimoja.

Namna ya kujua kama imetosha ni hii. Karatasi za pH zikipatikana, lenga kati ya 3.5 na 4.5. Zisipopatikana, kabichi ya zambarau inayouzwa kwa ajili ya saladi itafanya kazi hiyo. Katakata jani moja, lilowe kwenye maji ya kunywa ya moto kwa dakika kumi, uchuje. Tia kijiko kimoja cha juisi hiyo kwenye robo glasi ya maji ya bomba lako. Ikigeuka bluu au kijani, maji yako yana alkali. Ikibaki zambarau, yako katikati. Kisha fanya vivyo hivyo kwa maji yako ya siki: yanapaswa kuwa ya pinki. Kama bado ni zambarau, ongeza nusu kijiko cha siki kwenye chupa na upime tena. Ukifika vijiko viwili kwa lita bila kuona pinki, acha hayo maji. Tumia ya mvua au ya kunywa ya chupa. Mteja wa saluni anaweza kwenda na chupa yake tayari: "Dada, ukishasuuza rangi yote, nimalizie na haya, usisuuze tena."

*Wakati wa kuyatumia*

Mara ya kwanza ni siku ileile ya kupaka rangi, baada ya dakika zote za boksi kwisha na maji ya kusuuzia kuwa meupe. Usiyatangulize. Rangi inahitaji alkali ili ijijenge, na ukimwaga asidi dakika ya 15 unaizuia kazi katikati, halafu unapata rangi hafifu ambayo hakuna kusubiri kutakakoiokoa. Mimina kuanzia kwenye mashina kwenda kwenye ncha, zibane nywele kwa mikono ili yaenee, yaache dakika mbili, kamua na ufute kwa taulo.

Je, usuuze tena? Kwa maji mepesi unaweza kupitisha kidogo. Kwa maji ya Arusha usisuuze, kwa sababu utairudisha ileile bikaboneti uliyoiondoa. Harufu ya siki hupotea nywele zikikauka. Kwa sababu hiyohiyo mpangilio wa muosho wa kwanza ni huu: shampuu isiyo na salfeti mara moja tu, kondishena dakika tatu hadi tano, suuza, kisha maji ya siki yawe ya mwisho.

Watu wengine hutumia ndimu. Ina asidi ya kutosha, lakini kila tunda lina nguvu yake, na juisi ya ndimu iliyobaki kwenye ngozi ikipigwa na jua huacha malengelenge na madoa meusi kwenye paji la uso na shingo. Kwa jua letu la mchana, siki ni salama zaidi.

Dalili ya 3: Mashina yameshika, ncha zimepauka

Tuichambue kwa mfano mmoja, maana hapa ndipo makosa hupangana. Mteja wa Sakina, Arusha, ana nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha wiki tatu zilizopita. Anapakwa rangi ya maruni Jumatano jioni kwa developa ya asilimia 6, dakika 35, kichwa kizima kuanzia shina hadi ncha. Ncha zilishapakwa rangi mara mbili huko nyuma. Anasuuzwa kwa maji yaliyokuwa yakichemka jikoni, yaliyopozwa kwa ya bomba, na anaoshwa kwa shampuu mara mbili papo hapo. Ijumaa usiku anaosha nyumbani kwa sabuni ya kipande. Jumamosi mashina ni maruni, ncha zina rangi ya shaba.

Saa 48 zilipita, kwa hiyo kusubiri si lawama kubwa hapa. Hebu tufuate mambo kwa mpangilio wake. Maji yaliyochemka yaliziacha nywele zikiwa na alkali, na shampuu mara mbili ikazikuta zimevimba. Siki haikutumika, hivyo alkali ilibaki hadi Ijumaa. Sabuni ya kipande, ambayo yenyewe ina pH ya kama 9 hadi 10, ikazivimbisha tena. Mashina yalistahimili yote hayo kwa sababu magamba yake ni mapya. Ncha zilishapitia dawa ya kulainisha, ambayo alkali yake ni kali zaidi ya ile ya rangi, na rangi mara mbili. Magamba yake yamelika na mengine hayapo. Isitoshe, unywele mpya huwa na utando mwembamba wa mafuta uliogandamana juu ya magamba, unaozuia maji yasiingie haraka. Alkali na peroksaidi huuondoa utando huo, na haurudi.

Hapa tuseme wazi mipaka ya siki. Inaondoa alkali na kuyafanya magamba yaliyopo yalale. Haiwezi kujaza gamba lililokatika wala kurudisha ule utando. Kondishena ndiyo inayosaidia kidogo upande huo, kwa kushika kwenye sehemu zilizoumia na kuzifunika mpaka muosho unaofuata.

Kipimo chepesi ni tone la maji. Chukua ncha kavu safi isiyo na mafuta, idondoshee tone moja, kisha fanya hivyo kwenye nywele za karibu na shina. Tone likikaa juu kwa muda kwenye shina lakini likanywewa mara moja kwenye ncha, chanzo ni nywele zenyewe.

Kwa mteja huyu, kurudia rangi ya kudumu kwenye ncha wiki hiyohiyo ni kuongeza ugonjwa. Apakwe kwenye ncha tu rangi ya muda ya maruni isiyo na developa, kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi, asuuzwe kwa maji yasiyochemshwa, amalizie na siki. Itachuja baada ya miosho kadhaa na atairudia, ila haimli nywele. Ritachi ijayo rangi ya kudumu iende kwenye ukuaji mpya pekee. Ncha zipitishiwe dakika tano za mwisho kama ni lazima. Na kati ya dawa ya kulainisha na rangi aache angalau wiki mbili, dawa ikitangulia.

Dalili ya 4: Kichwa kinawasha wakati wa kusubiri

Kuwashwa kidogo kwa sababu ya ukavu na jasho kunavumilika. Mjini Moshi, kwenye joto la Februari, ni kawaida. Pangusa mistari ya kichwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usilowanishe nywele. Lakini muwasho mkali, vipele, majimaji, au uvimbe wa kope na masikio si jambo la kuvumilia kwa ajili ya rangi. Huo unaweza kuwa mzio wa PPD, kiambato cha rangi nyingi nyeusi na cha piko. Osha mara moja kwa maji mengi na shampuu, sahau saa 72, na nenda kituo cha afya. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda bila kuchelewa hata dakika. Siki usiimwage juu ya ngozi iliyochubuka. Na mtu huyo asipakwe tena rangi ya aina hiyo, hata kidogo.

Dalili ya 5: Nywele zimekuwa ngumu na zinakwaruza baada ya kuanza kutumia siki

Mara nyingi umezidisha. Siki ya kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa ina pH ya chini ya 3, na kwa kiwango hicho haifungi rangi zaidi ya ile iliyozimuliwa. Inakausha nywele na kuchoma ngozi tu. Rudi kwenye kijiko kimoja kwa lita, au kimoja na nusu kwa maji ya Arusha, na uitumie unapoosha tu, si kila siku asubuhi kwa kupuliza.

Kama kipimo chako kilikuwa sahihi, angalia kama uliacha kondishena ukidhani siki imechukua nafasi yake. Nywele za dawa zilizopakwa rangi zinahitaji vyote viwili. Na kama ugumu unaambatana na ukungu mweupe usiotoka, hasa kwa wanaotumia kisima cha tambarare ya chini ya Moshi, hiyo huwa chokaa ya maji. Siki ya vijiko viwili kwa lita, ikiachwa dakika tano mara moja kwa wiki mbili, huiyeyusha. Baada ya hapo tumia maji ya mvua kwa muosho wa mwisho kila unapoyapata. Masika na vuli, pipa moja chini ya bati hutosha miezi. Yaache ya mvua ya kwanza yapite, yanabeba vumbi la paa.